Kitenzi Kikifuata Nomino Isiyo Yake: Kutafuta na Kurekebisha Hitilafu za Upatanisho

Mtu anayeandika Kiswahili kila siku hawezi kuandika "ongezeko zimewaumiza". Lakini mpe sentensi ndefu inayoanza na "Ongezeko la bei za vyakula katika masoko ya mji", kisha mwangalie anapofika kwenye kitenzi. Mara nyingi utakuta "zimewaumiza wananchi" au hata "yamewaumiza wananchi". Ngeli anazijua vizuri. Tatizo ni kwamba kati ya kiima na kitenzi yameingia majina mengine manne, na kitenzi kikachukua kiambishi cha jina mojawapo lililo karibu.

Hitilafu ya namna hii hupenya hadi gazetini, kwenye ripoti za ofisi na kwenye hotuba zilizoandikwa kwa uangalifu. Programu ya kusahihisha tahajia haiioni, kwa sababu kila neno likiwa peke yake ni sahihi. Mwongozo huu unaanza na dalili, yaani kile unachokiona au kukisikia unaposoma, kisha unatafuta chanzo na namna ya kurekebisha.

Dalili: kitenzi kinapatana na neno lililo mbele yake tu

Chukua sentensi hii: "Ripoti ya matukio ya wizi wa mifugo umekabidhiwa kwa mkuu wa wilaya." Masikio yanapita bila kugutuka, kwa sababu "wizi umekabidhiwa" inapatana kisarufi. Lakini hakuna aliyekabidhi wizi. Kilichokabidhiwa ni ripoti, kwa hiyo "imekabidhiwa".

Namna ya kupima ni kufunika. Weka kidole juu ya -a unganifu ya kwanza inayofuata kiima ("ya", "la", "wa", "cha" na nyinginezo), funika kila kitu hadi mwanzo wa kitenzi, kisha soma kilichobaki: "Ripoti … umekabidhiwa." Kosa linaonekana papo hapo. Fanya hivyo hivyo kwa "Ongezeko … zimewaumiza" na utapata "limewaumiza" bila kuhangaika.

Kufunika kunafanya kazi kwa sababu -a unganifu huwa inaanzisha kirai cha kueleza. Jina linalokuja baada yake limekuja kulitumikia jina la mbele, halitawali kitenzi. Tazama jina rasmi la Baraza la Kiswahili la Taifa, chombo kilichoundwa Tanzania mwaka 1967. "La" ya pili imeruka juu ya neno "Kiswahili" ikarudi kwa "Baraza". Ingekuwa inahusu Kiswahili tungesema "cha Taifa". Viambishi vyote vya jina hilo vinamtazama bwana mmoja, na kitenzi kitafuata njia hiyo hiyo: Baraza la Kiswahili la Taifa limetangaza.

Kuna mahali kidole hakitakusaidia. Soma hili: "Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imetangaza." Kitenzi ni sahihi, lakini je, mwandishi alipatanisha na "bodi" au na "mikopo"? Huwezi kujua, kwa maana i- ni umoja wa bodi na pia ni wingi wa mkopo. Ukitaka kuwa na uhakika na sentensi ya aina hii, badilisha kiima kiwe neno la ngeli nyingine, kwa mfano "shirika". Kitenzi kikigeuka na kuwa "limetangaza", kilikuwa kinamfuata mwenyewe. Wanafunzi wangu wa uhariri huwa wanaona hatua hii inapoteza muda, mpaka siku wanapokutana na "Shirika la mikopo ya wanafunzi imetangaza".

Mtego mgumu zaidi uko kwenye kirejeshi, na huu ni wa Kiswahili hasa. O-rejeshi ikiingia ndani ya kitenzi, mtenda husogea nyuma: hatusemi "viti bwana harusi alivyokodi", tunasema "viti alivyokodi bwana harusi". Matokeo yake ni kwamba mtenda wa kitenzi cha ndani anasimama karibu na kitenzi kikuu, ambacho si chake. Ongeza maneno machache hapo katikati na ajali inatokea: "Viti alivyokodi bwana harusi kwa ajili ya wageni wamechelewa kufika." Msomaji ataelewa kwamba wageni ndio waliochelewa, na wala hatashuku chochote. Sahihi ni "vimechelewa kufika". Hapa usiishie kufunika kwa kuanzia kwenye -a unganifu. Funika kishazi kizima cha urejeshi, kuanzia "alivyokodi" hadi "wageni".

Na kuna wakati viambishi viwili tofauti vyote viko sawa, ila maana inabadilika. "Viongozi wa chama kilichoshindwa uchaguzi" ni viongozi ambao chama chao kilishindwa. "Viongozi wa chama walioshindwa uchaguzi" ni viongozi ambao wao wenyewe waliangushwa, na huenda chama chao kimeshinda. Mhariri asiguse sentensi kama hii kabla ya kumuuliza mwandishi alikusudia nini. Vivyo hivyo kwa "mmoja wa": katika "Mmoja wa wachezaji waliosajiliwa juzi ameumia", waliosajiliwa ni wengi na aliyeumia ni mmoja. Kila kitenzi kina mwenyewe, na wote wawili wamepewa haki yao.

Dalili: sentensi ina kitenzi lakini kiima hakipatikani

"Kwa mujibu wa taarifa hiyo inasema kuwa mvua zitaendelea." "Katika mkutano huo ulihudhuriwa na wazee wa kata." Sentensi hizi utazikuta kila wiki. Ukiuliza "nani au nini kinasema?" utajibiwa "taarifa". Lakini taarifa imekwisha kufungwa ndani ya "kwa mujibu wa", na jina lililofungwa hivyo haliwezi tena kuwa kiima. Ndivyo ilivyo kwa mkutano uliotanguliwa na "katika".

Chanzo chake ni kubadili nia katikati ya sentensi. Mwandishi ameanza kwa kutaja chanzo cha habari, akasahau, akaendelea kana kwamba chanzo hicho ndicho msemaji. Chagua njia moja. Ama "Taarifa hiyo inasema kuwa mvua zitaendelea", au "Kwa mujibu wa taarifa hiyo, mvua zitaendelea". Kwa mkutano, ondoa "katika": "Mkutano huo ulihudhuriwa na wazee wa kata." Kwenye kompyuta, tafuta maneno "Kwa mujibu wa" katika andiko zima na ukague kila yanapotokea. Mimi huanza hapo kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Dalili: baadhi, idadi, asilimia

Hapa kanuni ya kufunika inavunjika, na ni vizuri kujua inavunjikia wapi. Ukifunika katika "Baadhi ya nyumba zimebomoka" unabaki na "Baadhi … zimebomoka", na mtu anaweza kudhani kuna kosa. Hakuna kosa. "Baadhi" haina ngeli ya kuitawala sentensi. Inakata kipande cha kitu, na kitenzi kinafuata kile kilichokatwa: baadhi ya watu wamehama, baadhi ya vitabu vimelowa, baadhi ya mahindi yameoza. Sehemu za hesabu hufuata mkondo huo huo: asilimia 60 ya wakulima wanatumia jembe la mkono, nusu ya mahindi yameharibika.

"Idadi" si hivyo. Idadi ni kitu chenyewe, nacho kinapanda, kinashuka, kinafika mahali. "Idadi ya nyumba zilizobomoka imefika 40." Ukiandika "zimefika 40" umesema nyumba zimetembea. Jiulize basi: tendo hili linaweza kufanywa na hesabu, au na watu tu? Kuongezeka kunafanywa na hesabu. Kulalamika hakufanywi na hesabu.

Shida inabaki kwenye "Idadi kubwa ya wananchi walijitokeza". Wapo wanaotetea "ilijitokeza" kwa kufuata idadi, na wapo wanaoona "walijitokeza" ni sawa kwa kuwa maana yake ni wananchi wengi. Nimesoma zote mbili katika maandishi ya watu ninaowaheshimu. Ushauri wangu ni kuiacha njia hiyo na kusema "Wananchi wengi walijitokeza". Ni fupi, na hakuna wa kukushtaki.

Dalili: kundi linaanza likiwa moja na kuishia likiwa wengi

Nomino za makundi katika Kiswahili zina bahati moja: kila moja ina ngeli yake iliyo wazi. Jeshi limeingia, kamati imeamua, bunge limepitisha, chama kimetangaza, umati umetawanyika. Ndani yake wamo watu, lakini kitenzi kinapatana na jina la kundi. "Umati wa watu walikusanyika uwanjani" ni ule ule mtego wa jirani, umejificha zaidi kwa sababu watu kweli ndio waliokusanyika. Andika "ulikusanyika".

Hitilafu inayotia doa zaidi ni ya kugeuka katikati: "Kamati ilikutana Jumamosi na wakakubaliana kuahirisha ujenzi." Kitenzi cha kwanza kinatazama kamati, cha pili kinatazama wajumbe ambao hawajatajwa. Kwa kawaida mgeuko huu hutokea mahali pale pale: mwandishi anapofika kwenye kitenzi chenye -ana, kama kubaliana, tofautiana, gombana. Vitenzi hivi vinataka watu zaidi ya mmoja, na kitu kimoja kukubaliana chenyewe kwa chenyewe kunakwaruza sikio. Sikio halijakosea. Dawa ni kuwataja hao watu: "Kamati ilikutana Jumamosi, na wajumbe wake wakakubaliana kuahirisha ujenzi." Au badili kitenzi kiwe cha chombo kizima: "Kamati ilikutana Jumamosi, ikaamua kuahirisha ujenzi." Maneno wajumbe, wabunge, askari, wachezaji na wanachama yako tayari kwa kazi hiyo. Hakuna haja ya kuilazimisha "kamati" ibebe wa-.

Neno "polisi" linahitaji jicho la pekee. Likiwa na maana ya askari, ni la A-WA: polisi amemkamata, polisi wamemkamata. Likisimama nyuma ya "Jeshi la", linakuwa chini ya jeshi: Jeshi la Polisi limemkamata. Habari moja inaweza kutumia zote mbili, mradi kila kitenzi kiwe na kiima chake karibu.

Majina ya klabu, magazeti na mashirika hubeba ngeli ya neno ambalo halikuandikwa. "Simba imefunga mabao mawili" inamaanisha klabu au timu ya Simba, na "Simba amekula mbuzi" ni mnyama wa mwituni. "Mwananchi limeandika" ni gazeti. "Mwananchi ameandika" ni raia aliyeshika kalamu. Kwa vifupisho, mazoea yaliyoenea ni i-: TANESCO imesema. Lakini angalia kinachotokea vyote viwili vikiwa pamoja: "Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) limesema." Kifupisho kiko mlangoni mwa kitenzi, ila kimewekwa kwenye mabano, na kilicho kwenye mabano hakitawali. Sentensi inayofuata ikianza na kifupisho peke yake, i- inarudi.

Dalili: viima viwili, na hujui kitenzi kimfuate nani

"Mwenyekiti au katibu watasaini hundi." Mwandishi ameona watu wawili akaweka wa-. Swali la kuuliza ni hili: hundi itakuwa na saini ngapi? Ikiwa ni moja, "atasaini". Ikiwa ni mbili, neno "au" ndilo lenye kosa, na panatakiwa "na". Kwenye katiba za vikundi vya kuweka na kukopa nimeona sentensi hii ikizua mabishano ya kweli benki, kwa sababu "au" inasema mmoja huku "wa-" inasema wote.

Upande mmoja ukiwa umoja na mwingine wingi, uweke wingi mwishoni na kitenzi kiufuate: "Mwalimu mkuu au walimu wa zamu watafungua ghala."

Nafsi zikitofautiana ndipo pagumu. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi ndani yake, kwa hiyo "Mimi au wewe…" hakina mwisho mzuri: ukisema "nitakwenda" umemwacha wewe, ukisema "utakwenda" umeniacha mimi, ukisema "tutakwenda" umetupeleka sote. Lugha ina njia yake ya kutoka hapo, na ni ya kila siku: "Nitakwenda mimi au utakwenda wewe." Kila mtu amepewa kitenzi chake. Kwa maandishi rasmi, "Mmoja wetu atakwenda" inatosha.

Ngeli zikitofautiana, kama "Kitambulisho au barua ya mtendaji", kitenzi hufuata kilicho karibu: "itakubalika". Ni sahihi, ingawa wengine huiona imepinda. Unaweza kukitanguliza kitenzi: "Kitakubalika kitambulisho, au barua ya mtendaji." Kukanusha nako ni hivyo hivyo. Badala ya kuhangaika na "Si mwenyekiti wala katibu…", sema "Mwenyekiti hakuhudhuria, wala katibu."

"Na" ina mambo yake. Vitu vya ngeli mbalimbali vikiunganishwa, vi- ya "vitu" huvikusanya: meza na kabati vimeungua. Usiitumie vi- hiyo mtu anapokuwamo. "Dereva na gari lake vimezama" inamgeuza dereva kuwa mzigo, na "wamezama" inalifanya gari kuwa mtu. Andika "Dereva amezama pamoja na gari lake." Tena "na" huweza kuunganisha vyeo viwili vya mtu mmoja: "Mwenyekiti na mwanzilishi wa kikundi amesema" ni mtu mmoja, "wamesema" ni wawili. Kiambishi kimoja tu ndicho kinachobeba habari hiyo yote, kwa hiyo kama ni mtu mmoja afadhali uandike "Mwenyekiti, ambaye pia ni mwanzilishi wa kikundi, amesema". Mgahawani watu hawana shida hii: "wali na maharage vimeisha" ni vyakula viwili, "wali maharage umeisha" ni sahani moja, na kukosekana kwa "na" kumemaliza kila kitu.

Aya moja, ikipimwa

Hii ni aya ya mfano, imekusanya makosa ya kawaida ya ripoti za kijiji:

"Kwa mujibu wa taarifa ya kamati ya maji inaeleza kuwa ongezeko la bei za vifaa zimechelewesha mradi. Kamati ilikutana Jumamosi na wakakubaliana kwamba mwenyekiti au katibu wafuatilie suala hilo wilayani. Mabomba aliyoagiza mkandarasi kwa fedha za wanakijiji hazijafika. Baadhi ya wanakijiji wamelalamika."

Anza na "Kwa mujibu wa". Kuna "inaeleza" isiyo na kiima, kwa hiyo ondoa "Kwa mujibu wa" na taarifa inapata nafasi yake. Funika kuanzia "la bei" na unabaki na "ongezeko … zimechelewesha", ambayo inakuwa "limechelewesha". Sentensi ya pili ina mgeuko wa kamati, na umetokea kwenye -ana kama kawaida, basi wataje wajumbe. Kwa "mwenyekiti au katibu", uliza kamati ilimtuma nani. Kumbukumbu za kikao zikisema atakwenda yeyote kati yao, "afuatilie". Sentensi ya tatu, funika kishazi chote kuanzia "aliyoagiza" hadi "wanakijiji": "Mabomba … hazijafika." Fedha ndizo zilizoleta zi-, na msomaji mwenye wasiwasi angeweza kufikiri kwamba fedha za wanakijiji ndizo hazijulikani zilipo. Katika ripoti ya mradi wa maji, hiyo si kosa dogo. Andika "hayajafika". Sentensi ya mwisho usiiguse, "baadhi" imewafuata wanakijiji kama inavyopaswa.

"Taarifa ya kamati ya maji inaeleza kuwa ongezeko la bei za vifaa limechelewesha mradi. Kamati ilikutana Jumamosi, na wajumbe wake wakakubaliana kwamba mwenyekiti au katibu afuatilie suala hilo wilayani. Mabomba aliyoagiza mkandarasi kwa fedha za wanakijiji hayajafika. Baadhi ya wanakijiji wamelalamika."